Anayepokea Mali Stoo Asiidhinishe Leja: Namna Mgawanyo wa Majukumu Unavyolinda Vifaa vya Ujenzi Vijijini

Tarime, Mara

Kwa miaka ya karibuni sehemu kubwa ya madarasa, zahanati na nyumba za watumishi katika halmashauri nchini imejengwa kwa utaratibu wa fosi akaunti, ambao fedha hupelekwa kwenye shule au kituo husika, vifaa vikanunuliwa na kituo chenyewe, na mafundi wa eneo hilo wakaajiriwa kwa ufundi tu. Mwaka 2021, kupitia Mpango wa Maendeleo kwa Ustawi wa Taifa na Mapambano dhidi ya UVIKO-19, Serikali ilijenga vyumba vya madarasa 15,000 kwa njia hiyo, kila kimoja kikitengewa shilingi milioni 20. Tangu hapo wananchi wengi wamezoea kuona lori la saruji likiingia katika uwanja wa shule ya kijiji chao.

Hali hiyo ina maana moja ambayo haizungumzwi sana. Zamani mkandarasi ndiye aliyebeba hatari ya saruji kupotea njiani au kuibwa usiku. Ikipungua, alinunua nyingine kwa fedha zake. Chini ya fosi akaunti mali ni ya umma tangu inaposhushwa kwenye lori, na mlinzi wake wa kwanza ni chumba kimoja kilichofungwa kwa kufuli, ambacho mara nyingi ni darasa la zamani au ofisi ya mwalimu, pamoja na daftari lililo ndani yake. Makala haya yanaeleza kwa nini mtu anayepokea mali katika chumba hicho hapaswi kuwa ndiye anayeidhinisha kumbukumbu zake, na jinsi mgawanyo huo unavyoweza kufanyika hata mahali penye watumishi wachache. Mfano unaotumika ni wa kuelezea tu, umewekwa katika mazingira ya kata kama Gorong'a, iliyo katika Halmashauri ya Wilaya ya Tarime, ambako kijiji huwa mbali na makao makuu ya halmashauri yaliyoko Nyamwaga na ofisa ugavi hawezi kuwapo kila lori linapofika.

Hesabu inayolingana huku mali imepungua

Tuchukue shule inayojenga vyumba viwili vya madarasa na ofisi. Shule imeagiza mifuko 400 ya saruji ya kilo 50 kwa bei ya shilingi 20,000 kwa mfuko, yaani shilingi milioni 8 kwa jumla. Lori linafika jioni likiwa na mifuko 370. Hati ya kufikishia mzigo aliyokuja nayo dereva inaonesha mifuko 400.

Katika shule hii mtu mmoja ndiye anayefanya yote. Anafungua mlango, anapokea, anasaini hati ya dereva, anajaza hati ya kupokelea mali, anaandika leja, na mwisho wa mwezi anaweka saini kuthibitisha kwamba leja ni sahihi. Haijalishi kama alipatana na muuzaji au alichoka tu akasaini bila kuhesabu. Kwenye karatasi matokeo ni yaleyale. Hati inasema 400, leja inasema 400, na muuzaji analipwa milioni 8. Shilingi 600,000 za umma zimeondoka kabla msingi haujachimbwa.

Wengi hudhani kwamba upungufu huo utaonekana siku mkaguzi atakapokuja kuhesabu mifuko iliyobaki. Dhana hiyo ina kosa. Mtu yuleyule anayepokea ndiye anayeandika pia kilichotoka. Fundi anapochukua mifuko 120 kwa ajili ya msingi, leja inaandikwa 130. Anapochukua 150 kwa ajili ya matofali, inaandikwa 160. Anapochukua 60 kwa ajili ya kujenga kuta, inaandikwa 70. Kwa hiyo leja inaonesha kwamba iliingia mifuko 400 na ikatoka 360, imebaki 40. Stoo kwa kweli iliingia mifuko 370 na ikatoka 330, imebaki 40. Mkaguzi anahesabu, anakuta 40, anaandika kwamba salio la leja linalingana na mali iliyopo, na anaondoka.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo zima. Leja iliyo mikononi mwa mtu mmoja inaweza kulingana na stoo kila siku ya mwaka na bado ikawa ya uongo, kwa sababu kuhesabu kilichobaki hupima tu kama mwandishi ameandika kwa uangalifu. Upungufu uliotokea mlangoni hauwezi kugunduliwa baadaye kwa kuangalia rafu. Unagunduliwa siku ileile lori likiwa bado lipo, au unafuatiliwa kwa ushahidi unaotoka nje ya stoo, kama tutakavyoona.

Kazi nne, mikono tofauti

Katika safari ya mfuko wa saruji kutoka dukani hadi ukutani kuna kazi nne zinazopaswa kutenganishwa: kuagiza, kupokea, kutunza, na kuidhinisha kumbukumbu ili malipo yafanyike. Utaratibu wa fosi akaunti tayari unaunda kamati kadhaa katika ngazi ya jamii, zikiwemo ya manunuzi, ya mapokezi na ya ujenzi, na wajumbe wake wengi ni wananchi wa kawaida. Wazo hilo si geni katika sheria za nchi. Kanuni za Ununuzi wa Umma za mwaka 2013, zilizotumika chini ya sheria iliyotangulia Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023, zilitaka bidhaa zikaguliwe na kamati maalumu ya ukaguzi na upokeaji kabla taasisi haijazikubali. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, katika taarifa zake za mamlaka za serikali za mitaa, amekuwa akirudia hoja za bidhaa zilizopokelewa bila kukaguliwa na kamati hiyo na vifaa visivyoingizwa katika leja.

Kamati zipo, basi. Tatizo la kawaida ni kwamba zipo katika barua ya uteuzi tu. Mzigo unapokewa na mtu mmoja, halafu wajumbe wa kamati ya mapokezi wanaitwa siku ya Ijumaa kusaini hati tano kwa mpigo. Saini ya namna hiyo ni mbaya kuliko kutokuwa na saini, kwa kuwa inampa anayelipa uhakika ambao haupo.

Turudi kwenye lori letu la mifuko 370, safari hii kazi zikiwa zimegawanywa. Wajumbe watatu wa kamati ya mapokezi wameitwa kwa simu kabla mzigo haujafika. Wamepewa nakala ya hati ya kuagizia inayotaja aina ya saruji, daraja lake na uzito wa mfuko, lakini safu ya idadi imeachwa wazi. Jambo hili huonekana kama ukorofi kwa wasiolijua, ilhali lina sababu nzuri: mtu anayejua kwamba jibu linalotarajiwa ni 400 huelekea kuhesabu hadi 400. Akifika 370 huku giza linaingia, atajiambia kwamba ameruka safu mahali. Asiyejua idadi hana budi kuhesabu.

Mjumbe mmoja anasimama nyuma ya lori na mwingine mlangoni mwa stoo, kila mmoja akiweka alama kwenye karatasi yake kwa mafungu ya mitano. Mifuko inapangwa ndani kwa safu zenye idadi sawa, tuseme kumi kumi, ili mtu wa tatu aweze kuzihesabu upya bila kuigusa. Safu zinakuwa 37. Karatasi mbili zinalinganishwa, zote zinasema 370. Ndipo hati ya dereva inafunguliwa, na tofauti ya mifuko 30 inaandikwa kwa maneno na kwa tarakimu kwenye nakala zote mbili, yaani anayobaki nayo dereva na inayobaki shuleni. Dereva anasaini palepale. Saini yake ndiyo yenye thamani kuu katika karatasi hiyo, kwa sababu kesho muuzaji hawezi kudai kwamba mifuko ilipungua mikononi mwa shule.

Hati ya kupokelea mali inajazwa kwa mifuko 370, si 400 yenye maelezo pembeni kwamba mingine italetwa. Muuzaji akileta 30 iliyobaki wiki ijayo, inajaziwa hati yake yenyewe na kuhesabiwa upya. Mtunza stoo, ambaye si mjumbe wa kamati ya mapokezi, anakabidhiwa mifuko 370 na kusaini kwamba ameichukua. Kuanzia hapo anawajibika kwa idadi hiyo, naye ana kila sababu ya kuhakikisha kwamba hapokei saini ya mifuko asiyoiona.

Hatua ya mwisho ni ya mtu wa nne, ambaye kwa shule anaweza kuwa mwalimu mwenye dhamana ya fedha au mtu mwingine aliyeteuliwa kwa maandishi, ilimradi hakuwapo katika mapokezi na hana ufunguo wa stoo. Yeye anaweka mezani karatasi tatu: hati ya kuagizia, hati ya kupokelea mali na ankara ya muuzaji. Ya kwanza inasema 400, ya pili 370, ya tatu 400. Karatasi hizo hazilingani, kwa hiyo haidhinishi. Anamrudishia muuzaji ankara ili ailete upya kwa shilingi 7,400,000, au anasubiri mifuko 30 ifike. Hakuhitaji kuona saruji wala kumshuku mtu. Alihitaji tu kwamba tarakimu ya 370 iwe imetoka kwa watu wasio na njia ya kuigeuza baada ya kuiandika.

Kadi inabaki stoo, leja inakaa kwingine

Kumbukumbu za stoo zilizo sahihi huwa mbili. Kuna kadi ya stoo, inayoning'inizwa au kubandikwa pale bidhaa ilipo, inayoonesha tarehe, kilichoingia, kilichotoka na salio. Hiyo huandikwa na mtunza stoo kila mfuko unapotoka. Kisha kuna leja, ambayo huandikwa kutokana na hati za kupokelea na hati za kutolea mali, na haifai kutunzwa katika chumba kimoja na mali wala kuandikwa na mtunza stoo.

Shule nyingi huona kazi hii kama kuandika jambo moja mara mbili. Ingekuwa hivyo kama mkono ungekuwa mmoja. Mikono ikiwa miwili, kadi na leja huwa mashahidi wawili waliohojiwa katika vyumba tofauti. Zikitofautiana, kuna kosa mahali, na tarehe ambayo salio lilianza kuachana huonesha mahali pa kuanzia kutafuta. Zikilingana zote mbili na pia na mifuko iliyohesabiwa, ulinganifu huo una uzito ambao leja ya mtu mmoja haiwezi kuwa nao kamwe.

Hati ya kutolea mali nayo inahitaji mtu wa nje ya stoo. Fundi mkuu anaomba, mjumbe wa kamati ya ujenzi anaidhinisha ombi, mtunza stoo anatoa, na fundi anasaini idadi aliyopokea. Katika mfano wetu wa kwanza mifuko 30 ilifichwa kwa kuongeza kumi katika kila utoaji. Fundi anayesaini 120 na kubaki na nakala yake anaifunga njia hiyo, kwa kuwa mtunza stoo hawezi kuandika 130 bila karatasi mbili kupingana.

Uko pia ushahidi unaosimama nje ya karatasi zote, nao ni jengo lenyewe. Ikiwa mhandisi na fundi walikubaliana kwamba mfuko mmoja utoe matofali 30, na leja inasema mifuko 160 ilitolewa kwa kazi hiyo, basi lazima kuwe na matofali yapatayo 4,800, ukijumlisha yaliyojengwa, yaliyopangwa na yaliyovunjika. Yakionekana 4,500, yaani ya mifuko 150, kuna swali la kujibiwa. Jibu linaweza kuwa la haki kabisa, kwa mfano fundi aliongeza saruji kwa sababu mchanga ulikuwa na udongo. Kipimo hiki si cha kumtia mtu hatiani. Kinaonesha mahali pa kuuliza, na mwananchi yeyote anayejua kuhesabu anaweza kukifanya akiwa amesimama uwanjani.

Si idadi peke yake

Kamati ya mapokezi inayohesabu tu bila kukagua hufanya nusu ya kazi, na kwa nondo nusu hiyo inaweza kuwa ya gharama kubwa. Nondo ya milimita 12 na ya milimita 10 hutofautiana kidogo sana kwa macho zikiwa zimefungwa katika fungu. Kwa uzito hutofautiana wazi: nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 huwa na kilo 10.7 hivi, ilhali ya milimita 10 ya urefu huohuo huwa na kilo 7.4. Mizani ya kawaida ya kupimia mahindi inatosha. Kamati ichague nondo chache kutoka katikati ya fungu, si za juu, izipime uzito na urefu, na kuandika vipimo hivyo katika hati ya mapokezi. Nondo 60 zikihesabiwa 60 lakini zikawa za unene pungufu, leja italingana, malipo yatalingana, na athari itabaki ndani ya lenta ambako hakuna atakayeiona tena.

Kwa saruji, wajumbe wasome daraja lililochapwa kwenye mfuko, kama ni 32.5 au 42.5, na walilinganishe na lililoagizwa, kwani bei zake hutofautiana. Wabonyeze mifuko ya pembeni na ya chini. Mfuko ulioanza kuwa na mabonge magumu yasiyovunjika kwa vidole umeshapata unyevu, nao unakataliwa mbele ya dereva na kuandikwa kuwa umekataliwa, haupokewi kwa ahadi ya kubadilishiwa. Mtu anayepokea akijua kwamba yeye mwenyewe ndiye atakayeidhinisha kumbukumbu, hushawishika kuupokea mfuko huo ili kuepuka ubishi na dereva, akijua hakuna atakayemuuliza. Mgawanyo wa majukumu humpa sababu ya kukataa bila kugombana: akisaini, mwingine ataona.

Marekebisho ya leja, mlango wa nyuma

Hata stoo iliyogawanya mapokezi vizuri huacha mara nyingi mlango mmoja wazi, nao ni marekebisho. Tuseme mwisho wa mwezi leja ina mifuko 40 na stoo ina 36. Mtunza stoo anaeleza kwamba minne iliharibika kwa mvua iliyopita kwenye bati bovu. Kisha anaandika katika leja "imeharibika 4", anasaini, na salio linakuwa 36. Mvua za masika kweli huharibu saruji, na maelezo hayo yanaweza kuwa ya kweli tupu. Lakini mtu aliyekabidhiwa mali asipewe uwezo wa kujifutia deni la mali hiyo. Akiwa nao, kazi yote iliyofanyika mlangoni wakati wa kupokea haina maana tena. Upungufu wowote utaingia kwenye leja kwa jina la mvua, panya au wizi wa usiku.

Namna iliyo sahihi ni kwamba mifuko minne iliyoganda ibaki ilipo hadi watu wengine waione. Wajumbe wanaandika idadi, hali yake na sababu inayodhaniwa, picha zinapigwa, na taarifa ya hasara inapanda hadi halmashauri. Kufuta mali ya umma katika vitabu ni uamuzi wa ngazi yenye mamlaka kisheria, si wa shule wala wa kijiji. Mpaka uamuzi huo utolewe, leja inaendelea kuonesha 40 na maelezo ya tofauti yanaambatishwa pembeni. Salio lisilolingana lenye maelezo ni kumbukumbu ya kweli kuliko salio lililolinganishwa kwa kalamu.

Shule yenye watumishi wachache

Pingamizi la kwanza linalotolewa vijijini ni kwamba watu hawatoshi. Shule ina walimu wachache wenye vipindi tangu asubuhi, na zahanati wakati mwingine ina watumishi wawili tu. Pingamizi hili lina ukweli, lakini linachanganya mambo mawili. Mgawanyo hauhitaji watumishi wanne wa kudumu wa stoo. Unahitaji mikono tofauti kwa saa chache za siku ambayo lori linafika. Wajumbe wa mapokezi ni wananchi, na kinachohitajika kwao ni kujua kuhesabu, kusoma kipimo na kuwa tayari kusema "hapana" mbele ya dereva.

Ikiwa watu hawatoshi kweli, kuna utengano mmoja usiopaswa kuachwa hata kama mengine yataachwa: aliyepokea asiwe aliyeidhinisha. Ni afadhali mtu mmoja apokee na kutunza, ilimradi mwingine aandike leja na wa tatu aidhinishe, kuliko kuwa na watu watatu stoo ambao mmoja wao ana neno la mwisho juu ya kila karatasi. Mkuu wa shule anayesaini malipo asiende kuhesabu mifuko kwa niaba ya kamati, hata kwa nia njema ya kuharakisha kazi, kwa sababu siku hiyo anakuwa ameacha nafasi yake ya kuuliza.

Mahali ambapo hata hilo ni gumu, hesabu ya kushtukiza husaidia. Mtendaji wa kijiji, au mjumbe wa serikali ya kijiji asiye katika kamati za mradi, anafika siku isiyotangazwa, anachagua bidhaa mbili au tatu tu, anahesabu, analinganisha na kadi kisha na leja, na kusaini tarehe aliyofika. Hahitaji kumaliza stoo nzima. Kinachomfanya mtunza stoo awe makini ni kutokujua ni lini atafika na atachagua nini.

Upo mpaka wa njia hii, nao ni vyema ukafahamika. Mgawanyo wa majukumu unamzuia mtu mmoja. Hauwezi kuzuia watu watatu walioamua pamoja. Katika vijiji ambako wajumbe ni wa ukoo mmoja au wanaishi kwa kudaiana na duka lilelile linalouza saruji, makubaliano ya namna hiyo si magumu. Kinachosaidia kidogo ni kubadilisha wajumbe wa mapokezi kati ya mradi mmoja na mwingine, kutomweka katika kamati mtu mwenye undugu na muuzaji au mtunza stoo, na kupeleka nakala ya hati za mapokezi nje ya kijiji siku hiyohiyo, hata kwa picha ya simu kwa ofisa ugavi wa halmashauri. Nakala iliyokwisha kutoka kijijini haiwezi kuandikwa upya.

Mifumo ya kielektroniki nayo haiondoi haja hii. Mfumo wa NeST unaotumika katika ununuzi wa umma, na mifumo ya hesabu za vituo, hutambua watumiaji tofauti kwa majina na nywila zao. Mtu mmoja akishika nywila za wenzake wawili kwa sababu wao hawapendi kompyuta, mfumo utaonesha kwamba watu watatu wamehusika ilhali aliyeketi mbele ya skrini ni mmoja. Hapo kompyuta imefanya kazi ileile ya saini za Ijumaa.

Dalili za kuangalia

Mwananchi au mjumbe anayepewa vitabu kuvipitia hahitaji taaluma ya uhasibu kugundua kwamba kazi hazikutenganishwa. Mwandiko mmoja na wino mmoja katika hati ya kupokelea, kadi, leja na hati ya kutolea ni dalili ya kwanza. Nyingine ni tarehe: hati ya mapokezi iliyoandikwa baada ya malipo. Leja ya miezi minne isiyo na tofauti hata moja nayo inastahili kuulizwa, kwa sababu katika stoo halisi mfuko hupasuka, muuzaji hupunguza kimoja, fundi hurudisha kilichobaki. Kurasa zilizofutwa kwa wino mweupe badala ya kukatwa kwa mstari mmoja na kusainiwa hazihitaji maelezo.

Maswali hayo yana mahali pa kuulizwa. Mkutano mkuu wa kijiji hukutana kila baada ya miezi mitatu, na taarifa ya mapato na matumizi inayosomwa hapo hutaja fedha. Mwananchi ana haki ya kuomba isomwe pia idadi: mifuko iliyoagizwa, iliyopokewa, iliyotoka na iliyobaki, pamoja na majina ya waliopokea na ya aliyeidhinisha. Majina hayo yakiwa ya mtu mmoja, swali la pili linajileta lenyewe. Penye shaka ya rushwa au wizi, taarifa hupelekwa kwa mkurugenzi wa halmashauri au ofisi ya TAKUKURU ya wilaya.

Sehemu ya mwisho inayosahaulika ni siku ujenzi unapokamilika. Stoo hubaki na mifuko saba, nondo kumi na moja, nusu pipa la rangi na mbao za jamvi. Huo ndio wakati ambao kamati zimechoka, wageni wamekuja kuzindua madarasa, na leja inafungwa kwa mstari mmoja. Mabaki hayo yahesabiwe na watu wasiokuwa na ufunguo, yaorodheshwe kwa idadi na hali yake, na yakabidhiwe kwa maandishi kwa mkuu wa shule au kwa mradi mwingine, aliyepokea akisaini upande mmoja na aliyeidhinisha upande mwingine.